Ami Aidarus na Sanduku la Hatari

"Hebu niambie, binti," aliniuliza jirani yetu Fatemabai siku moja, akiwa kwenye baraza lake na mimi kwenye letu, "huyu ami yako Aidarus alizaliwa mara ngapi?"

Nilicheka. Mtaani kwetu Kibokoni mwaka ule, mwaka wa arubaini na nane, ami yangu alikuwa na umri wa aina mbili. Kwa shemeji yake alikuwa na miaka arubaini na nne. Kwa wale waliotahiriwa naye alikuwa na hamsini na miwili. Na yeye mwenyewe, ukimuuliza, alikuwa na haraka ya kwenda kuswali.

Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa uongo. Nilikaa nyumbani kwake tangu babangu, ndugu yake, alipofariki, na sikumsikia akidanganya ila kwa jambo hilo moja, na hata hilo alilisema akiwa ametazama chini.

Kazi yake ilikuwa kuzamia. Si kuzamia kwa vijana wanaopiga mbizi wapate kutupiwa senti na abiria wa meli. Ami Aidarus alivaa vazi zima la turubai na mpira, viatu vyenye soli za risasi, na kofia ya shaba yenye vioo, kubwa kama sufuria ya pilau ya arusi. Alikuwa mtu wa Bwana Adamji, tajiri wa matishari, yale mashua mapana ya kubebea shehena, aliyekuwa na uga wake upande wa Kilindini. Matishari yakipakia na kupakua, siku zote kitu huanguka majini: kreti, mnyororo, nanga. Au kamba hujisokota kwenye rafadha ya meli ikawa meli haiendi mbele wala nyuma. Hapo huitwa Aidarus. Wawili wanazungusha pampu ya hewa juu, yeye anashuka, na mtu mmoja anashika kamba iliyofungwa kiunoni mwake.

Mshika kamba alikuwa Kitsao, mtu wa Rabai, mcheshi, mwenye mikono kama makasia. Chini ya maji hakuna kusemezana. Maneno yote ni kamba. Ukivutwa mara moja, maana yake, u hali gani? Nawe unavuta mara moja, mzima. Mara mbili, nilegezee. Mara nne, panda juu. Na hiyo ya nne haina mjadala. Hata kama umeshaishika dhahabu mkononi, ukivutwa mara nne unaiacha na unapanda. Tena hupandi kwa pupa. Katikati ya safari unasimama kwanza, unatulia, ndipo umalizie, kwa sababu anayepanda kwa haraka damu humvurugika na viungo vikamkakamaa. Ami alikuwa amezitii sheria hizo miaka ishirini na zaidi, hata nyumbani. Mkewe, Bi Mwanamkuu, akimvuta shati mara moja ili ampishe mlangoni, yeye humvuta kanga mara moja, mzima, kisha haondoki.

Bi Mwanamkuu ndiye aliyeleta habari ya umri, ingawa hakuileta yeye mwenyewe. Alikuwa mjane, mwanamke wa heshima na wa maneno machache yenye pilipili. Ami alipompelekea posa, kaka yake Kamaludin, fundi wa kushona, aliketi na uzi mdomoni akasema, "Dada yangu mara ya kwanza aliolewa na mzee, akamwachia ujane. Mara hii simpi mzee. Una miaka mingapi, bwana?"

Ami akatazama mkeka. "Arubaini na miwili," akasema.

Kifua chake kilikuwa kipana kwa ile kazi, na ndevu zake zilikuwa nyeusi kama wino. Kamaludin akaridhika. Arusi ikawa, halua ikaliwa, na kila Alhamisi tangu hapo ndevu zile zilizidi kuwa nyeusi.

Miaka miwili ikapita. Ikaja siku ya kreti ya vyerehani.

Kreti ilikuwa imeanguka kati ya tishari na gati. Ami akashuka. Kitsao akavuta mara moja, akajibiwa. Baada ya muda akavuta tena, kimya. Akavuta, kimya. Alivuta mara nne, kimya, na hapo alipaza sauti ya kuita watu akampandisha kwa nguvu zake zote, ila kwa kusimama katikati, maana hata kwa hofu sheria ni sheria. Walipomfikisha juu wakafungua kioo cha kofia huku wanasoma Fatiha, na mmoja Mkristo anaomba kwa dini yake.

Ndani ya kofia wakasikia mtu anakoroma.

"Aidarus!" Kitsao akapiga shaba kwa kiganja.

Ami akafumbua macho. "Nilikuwa nafikiri," akasema.

"Wafikiri kwa pua?"

Watu walicheka hata wakakaa chini. Kitsao hakucheka sana. Jioni alikuja mpaka nyumbani, akakataa kuingia, akasema na Ami barazani kwa sauti ya chini, nami nilikuwa napepeta mchele dirishani. "Sahibu yangu, leo umelala. Siku nyingine utalala na bomba la hewa limebanwa, nami nitakuwa navuta maiti. Mimi sitaki. Enda kaombe sanduku la hatari."

Sanduku la hatari lilikuwa jambo jipya pale ugani. Baada ya vita meli zilikuwa nyingi, na kijana mmoja mzamiaji alifia chini ya tishari. Wenziwe wakagoma kushuka. Bwana Adamji, ambaye alikuwa mtu wa dini na pia mtu wa hesabu, aliketi nao siku nyingi wakakubaliana kwamba kazi ile isimalize mtu. Mzamiaji aliyekaa majini miaka kumi na mitano, akifika umri wa hamsini, atoke, alishwe na sanduku hilo. Watu wengine wote wa ugani wangoje sitini.

Ami alinywa kahawa yake mpaka kwenye machicha. "Hamsini," akasema. "Na Kamaludin je?"

Hapo ndipo palipomuuma. Akisema kweli ugani, atatoka majini, lakini shemeji atajua alidanganywa posani, na Kamaludin alikuwa mtu wa kumrudisha dada yake kwao kwa jambo dogo kuliko hilo. Akishikilia arubaini na nne, mke anabaki, na yeye anarudi chini akalale tena.

"Kamaludin atajulia wapi?" akasema Kitsao. "Yeye ni wa cherehani. Ugani ana shughuli gani?"

Wakasahau wote wawili kwamba maturubai ya kufunikia matishari yalishonwa na Kamaludin.

Haya ya kikao niliyapata kwa Kitsao, na Ami hakuyakanusha. Kamati ilikaa ndani ya ofisi ya mabati: Bwana Adamji mwenyewe na kofia yake ya uzi wa dhahabu, na karani wake Barnabas, mtu wa bara, mtulivu, aliyesema Kiswahili cha shule ya misheni kana kwamba kila neno limepigwa pasi. Kabla ya Ami kuitwa aliingia Joab, mpishi wa tagi, ile boti ya kuvutia matishari. Yeye pia alitaka kuwekwa kwenye sanduku la hatari.

"Nina makovu," akasema Joab, akikunja mikono ya shati. "Jiko linayumba, mafuta yanachemka, mawimbi yanapiga. Kama hiyo si hatari, hatari ni nini?"

"Bwana Joab," akasema Barnabas, "nakuomba unisikilize. Tuna masanduku mawili. Sanduku la wote, kila mtu hukatwa kidogo kwenye mshahara, na Bwana Adamji huongeza kiasi kilekile. Hilo hufunguliwa mtu akifika sitini. Sanduku la hatari, mzamiaji hakatwi hata senti. Kila meli inayotaka mtu ashuke chini yake hutozwa ada juu ya bei ya kazi, na ada hiyo huingia humo. Bwana Adamji naye huongeza lake. Hatari analipia yule anayemtia mtu hatarini. Sasa niambie, ni nahodha gani aliyetoa ada ili wewe upike maharagwe?"

"Walioyala ndio wangepewa fidia," akasema Kitsao kutoka mlangoni. "Hatari ni ya kwao."

Joab akatoka akiapa kwamba kesho watakula mbichi.

Akaitwa Ami. Alikuwa amevaa kanzu safi, na Kitsao alisimama nyuma yake kwa mapatano. Ami alikuwa haamini ulimi wake mbele ya matajiri, basi walikubaliana Kitsao amshike kanzu kwa nyuma na kumwongoza kama wanavyoongozana kazini. Mara moja, waenda vizuri. Mara mbili, legeza, usiseme sana.

Mambo yalianza kwa salama. Miaka yake majini ilijulikana na kila mtu. Shahidi wa kwanza wa umri alikuwa muuza maji mmoja aliyetahiriwa naye kumbi moja, na huyo alikuwa ameshasema asubuhi kwamba wote wawili walizaliwa mwaka zilipoteremshwa reli za kwanza Kilindini. Barnabas akahesabu kwa vidole akapata hamsini na miwili.

"Kanuni yetu yataka mashahidi wawili," akasema Barnabas, "na wa pili awe mtu wa nyumbani."

Ami akajikohoza. Akaanza kueleza kwamba jamaa zake wengi wamekufa, Mungu awarehemu, na waliobaki wako Lamu, na wa Lamu hawapendi kusafiri. Kitsao akavuta mara moja, waenda vizuri. Ami akapata moyo, akaanza na habari za upepo wa Lamu.

Ndipo Kamaludin akaingia uwani, turubai begani, anakuja moja kwa moja kwenye ofisi kuchukua ujira wake.

Kitsao akamwona dirishani. Mkono wake haukungoja akili. Ukaivuta kanzu mara nne.

Ami akanyamaza katikati ya neno. Mikono akaishusha ubavuni. Akageuka, akavuta pumzi polepole na kuitoa polepole, akaondoka mbele ya Bwana Adamji bila kuaga. Alipofika kizingitini akasimama, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ametulia tuli, anatazama mbele.

"Anakwenda wapi?" akauliza Bwana Adamji.

"Amepanda juu, bwana," akasema Kitsao.

"Na mbona amesimama mlangoni?"

"Yuko katikati. Akipanda kwa haraka atadhurika."

Barnabas akaweka kalamu chini. "Atasimama muda gani?"

"Kwa kina cha ofisi hii, si sana."

Na Kamaludin naye, kwa heshima zake, akafika kizingitini na kukuta shemeji yake ameuziba mlango. "Sabalkheri, shemeji." Ami hakujibu, maana katikati ya kupanda mtu hasemi. Kamaludin akajipenyeza na turubai lake, karibu amwangushe.

"Mungu ametuletea!" akasema Bwana Adamji. "Huyu si mtu wa nyumbani kwake? Fundi Kamaludin, shemeji yako yuataka kutoka majini. Wewe wajua umri wake?"

"Kama nijuavyo jina langu," akasema Kamaludin kwa fahari. "Mimi mwenyewe nilimhoji siku ya posa. Arubaini na nne."

 Nje Joab alisikika akipiga masufuria.

Barnabas aliutafakari mkono wake, akakunja vidole, akavikunjua. "Bwana Adamji, hapa kuna tofauti ya miaka minane, na sanduku haliwezi kuibeba. Lina hesabu yake: humlisha mzamiaji toka hamsini mpaka sitini, kisha humkabidhi kwa sanduku la wote. Miaka kumi kwa mtu. Tukimtoa mwenye arubaini na nne atakula miaka kumi na sita, na mzamiaji atakayemfuata atalikuta sanduku lina upepo."

"Aidarus," akaita Bwana Adamji, "umeshafika juu?"

"Nimefika, bwana," akasema Ami, akarudi ndani.

"Basi nisikilize. Mimi simfukuzi mtu wala simwiti mtu mwongo. Lakini umri utakaosema leo ndio utakaokwenda nao mpaka sitini. Huwezi kuwa mzee kwenye sanduku la hatari na kijana kwenye sanduku la wote. Chagua umri mmoja ukae nao. Ukiwa na arubaini na nne, rudi majini miaka sita, twakupenda. Ukiwa na hamsini na miwili, sema."

Kitsao alikuwa amejiweka tayari nyuma yake, lakini Ami aliukusanya upindo wa kanzu akaushika mwenyewe kwa mbele. Akamgeukia Kamaludin.

"Shemeji, nisamehe kwa ajili ya Mungu. Siku ya posa nilijipunguza miaka minane. Nilimtaka dada yako. Nina hamsini na miwili, na juzi nimelala chini ya bahari."

 Turubai likamtoka Kamaludin begani likamfunika Barnabas pamoja na meza yake. "Mimi sikai pahali pamoja na mtu huyu," akasema, na akatoka bila ujira wake. Kitsao alisema hakuwahi kumwona fundi akiacha ujira, ndipo alipojua mambo yameharibika.

Fundi alikuja Kibokoni mbio. Mimi na Bi Mwanamkuu tulikuwa tunapika mahamri. Kamaludin akaingia bila kubisha hodi, uzi bado uko sikioni.

"Dada, kusanya vyako. Twende kwetu."

"Nani kafa?"

"Umedanganywa! Mumeo si mtu wa arubaini na nne. Amekiri mbele za watu. Ana hamsini na miwili!"

Bi Mwanamkuu alikuwa na hamri moja kwenye upawa. Akaliacha likarudi ndani ya mafuta.

"Hamsini na miwili?" akasema. "Aidarus?"

"Naam!"

"Wallahi?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanamkuu, akajipangusa mikono. "Mimi nilikuwa nikidhani sitini. Kumbe nimeolewa na kijana."

Kamaludin akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ungo wa unga.

"Wewe wadhani zile ndevu zake nani huzipaka?" akaendelea. "Zajipaka? Kila Alhamisi mimi na kibakuli, na yeye amefumba macho anajisingizia amelala, ili nisijue kwamba anajua kwamba ninajua. Miguu yake nani huisugua kwa mafuta ya papa, ikilia kama bawaba? Ananiamsha alfajiri kwa kuvuta kanga mara mbili, nilegezee, nilegezee, kumbe anaota yuko chini. Mimi kila anapokwenda kazini nasoma mpaka arudi. Nawe waja kuniambia nirudi kwetu kwa sababu mume wangu ameruhusiwa kukaa nyumbani?"

"Lakini alinidanganya mimi," akasema Kamaludin kwa unyonge.

"Wewe ndiwe uliyeposwa? Basi mwachie Mungu wake. Ameshatubu mbele za watu, wataka atubu mbele za mahamri?"

Nilijifunika uso kwa mtandio. Kucheka mbele ya mkubwa aliyekalia unga ni utovu wa adabu, lakini Mungu anajua moyo wa mtu.

Ami alirejea baada ya laasiri. Hakuingia. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na sijui kama alikuwa anapanda au anashuka. Bi Mwanamkuu akamwendea, akaushika upindo wa kanzu yake akauvuta mara moja. Ami akatazama chini muda kidogo. Kisha akaivuta kanga yake mara moja. Wakaingia.

Kamaludin alikula mahamri sita akiwa amenuna. Asubuhi yake alirudi ugani, akasema mbele ya Bwana Adamji kwamba alichokitaja jana ni alichoambiwa, si alichokijua. Alichokijua ni kwamba shemeji yake huomba msaada akitaka kuinuka kwenye mkeka, na kwamba dada yake, aliye mtu wa nyumbani kuliko yeye, anasema hata hiyo hamsini na miwili ni huruma. Barnabas akasema hiyo yatosha, na ya huruma hakuiandika. Bwana Adamji akampa ujira wake wa turubai.

Ikabaki kanuni ya mwisho, kwamba anayetoka aseme ombi lake kwa kinywa chake, na karani alichukue neno kwa neno bila kulipamba. Kitsao alitakiwa akae mbali, upande wa pili wa meza, mikono juu. Ami Aidarus alisimama wima, akavuta pumzi kama anayefungiwa kioo cha kofia, akasema:

"Mimi Aidarus bin Mbarak, mzamiaji, nina miaka hamsini na miwili. Naomba kutoka majini mwisho wa mwezi huu, nilishwe na sanduku la hatari mpaka nifike sitini. Na shemeji yangu naomba asiulizwe tena."